Karatasi Iliyobandikwa Kwenye Paneli: Valvu ya Mstari, Valvu ya Asilimia Sawa, na Lupu Isiyotulia

Habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni, na nyie vijana wa instrumenti karibuni, naona wengine mmekuja moja kwa moja kutoka zamu na buti zenu. Sina picha za kurusha ukutani leo. Nina karatasi moja tu, na nitaanza nayo.

Karatasi hii niliibandua kwenye paneli ya chumba cha kudhibiti, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja. Ilikuwa imebandikwa kwa selotepu iliyokwisha kuwa ya njano, chini ya skrini ya lupu ya maji ya kupoozea. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "USIKU 0.3. MCHANA 1.8." Basi. Hakuna tarehe wala jina. Nilimuuliza opereta wa zamu maana yake, akanijibu kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua: "Hiyo ni gaini ya kontrola, fundi. Saa kumi na mbili jioni tunaweka 0.3, asubuhi tunarudisha 1.8. Ukisahau jioni, maji yanacheza usiku kucha. Ukisahau asubuhi, kontrola inalala."

Gaini ni kontrola inajibu kwa nguvu kiasi gani kila maji yakitoka kwenye lengo. Walikuwa wameishi hivyo kwa muda mrefu. Transmita ya mtiririko ilishabadilishwa. Pozishona, kile kifaa kinacholiweka shina la valvu pale kontrola inapotaka, nayo ilishabadilishwa. Hewa ya instrumenti ilishatafutwa uvujaji kwa povu la sabuni, kiungo kwa kiungo. Lawama ikaishia kwa opereta kwamba wanachezea namba. Nami nasema wale opereta ndio pekee waliokuwa wameipima valvu ile. Walikuwa hawajui tu kwamba wanachokipima ni valvu.

Tuuone mtambo wenyewe. Pampu inatoa maji, yanapita kwenye kipozeo cha pleti, yanapita kwenye valvu, yanarudi kwenye tangi la mnara. Kati ya mdomo wa pampu na marejeo kuna tofauti ya presha ya bar 4, na geji zilionyesha hiyo bar 4 karibu haibadiliki, mtiririko uwe mdogo au mkubwa. Mchana laini zote zinafanya kazi, yanatakiwa maji mita za ujazo 36 kwa saa. Usiku inabaki laini moja, yanatakiwa 12. Valvu ikifunguliwa yote yanapita 40, na transmita imepangwa kusoma sifuri mpaka 40. Kibati cha valvu kimeandikwa Kv 63, kipimo cha uwezo wake wa kupitisha maji, na chini yake herufi tatu: `LIN`.

Herufi hizo tatu ndizo mada yetu.

`LIN` maana yake plagi imechongwa ili mwendo wa shina na uwazi wa valvu vilingane. Ukifungua asilimia 10, uwezo wa kupitisha maji ni asilimia 10. Ukifungua 50, ni 50. Hiyo ndiyo valvu ya mstari. Ndugu yake ana alama `EQ%`, valvu ya asilimia sawa. Hii kila ukiipandisha hatua ileile, uwezo wake unaongezeka kwa asilimia ileile ya pale ulipokuwa. Kwa plagi ya kawaida yenye uwiano wa 50 kati ya uwezo wake mkubwa na mdogo kabisa, kila hatua ya asilimia 10 ya shina inazidisha uwezo mara 1.48 hivi. Chini, kutoka 10 kwenda 20, uwezo unatoka asilimia 3 kwenda 4.4, karibu huoni kitu. Juu, kutoka 80 kwenda 90, unaruka kutoka 46 mpaka 68. Plagi ukiishika mkononi unaiona tofauti: ile ya mstari ni nene kidogo na butu, ya asilimia sawa imechongoka kwa mkunjo mrefu mpaka karibu na kiti. Zile za keji, angalia matundu badala ya plagi.

Sasa mtu akitazama mikunjo hiyo miwili kwenye katalogi, atachagua ipi? Atachagua ya mstari. Mstari ulionyooka unaaminika. Nusu ya shina, nusu ya maji, nani hataki? Na hapo ndipo kiwanda kile kilipoingia shimoni, kwa sababu mkunjo wa katalogi umepimwa kwenye benchi, presha kabla na baada ya valvu ikishikiliwa isibadilike. Bombani hakuna anayeishikilia.

Wenye bustani nyumbani mmeshaliona hili. Chukua mpira mrefu mwembamba wa kumwagilia, uufunge kwenye bomba la nje. Fungua koki robo mzunguko, maji yanakuja karibu yote. Ukiendelea kufungua, mizunguko mitatu minne inayofuata haikuongezei chochote cha maana. Koki haijaharibika. Ni kwamba ukishaifungua kidogo, anayezuia maji si koki tena, ni mpira. Vua ule mpira, na koki ileile inaanza kutii mkono wako.

Kipozeo cha pleti na mabomba yake ndiyo mpira wetu. Maji yakipita 40 kwa saa, mpira huo unakula bar 3.6 katika zile 4, valvu inabakiwa na 0.4. Usiku, maji yakiwa 12, msuguano unashuka kwa mraba wa mtiririko: unakula bar 0.32 tu, na zilizobaki 3.68 zote zinaangukia kwenye valvu. Kwa hiyo valvu hiyohiyo, usiku inasukumwa na presha mara tisa zaidi kuliko ikiwa wazi yote. Uwazi mdogo, msukumo mkubwa. Uwazi mkubwa, msukumo umekwisha.

Hesabu yake ni fupi, niiandike ubaoni. Herufi `s` ni sehemu ya presha yote inayobaki kwa valvu ikiwa wazi kabisa, kwetu 0.4 kwa 4, yaani 0.1. `x` ni ufunguzi, `f` ni uwezo wa valvu kama ulivyo kwenye katalogi, na `q` ni mtiririko halisi, vyote kati ya sifuri na moja.

```
q = 1 / sqrt( (1 - s) + s / f^2 )

LIN:   f = x
EQ%:   f = 50^(x - 1)
```

(Ndiyo, mwenye macho makali ameona kwamba ya pili haifiki sifuri ukifunga, inabaki asilimia 2. Kufunga ni kazi ya kiti, fomula haihusiki.)

Weka namba za valvu ya mstari. Ufunguzi wa asilimia 10 unakupa asilimia 30 ya maji. Asilimia 30 inakupa 70. Nusu inakupa 88. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa shina, nusu nzima ya mwendo wa valvu, unagombania asilimia 12 zilizobaki. Mstari ulionyooka wa katalogi, ukishaingia bombani, umepinda kama upinde.

Tulichokifanya usiku ule ni kuiweka lupu kwa mkono na kuipima. Hili kila mmoja wenu anaweza kulifanya kesho, mradi opereta amekubali na mnajua mchakato utavumilia. Maji yalikuwa 12, shina liko asilimia 10. Nikapandisha `OP`, amri inayokwenda kwenye valvu, kwa asilimia 2 tu, nikangoja itulie. `PV`, mtiririko unaosomwa na transmita, ikapanda kutoka 12.1 mpaka 14.3. Mita 2.2 katika upeo wa 40 ni asilimia 5.4. Gawa kwa 2: gaini ya valvu ni 2.7. Mchana, maji 36, shina liko 55, hatua ileile ya asilimia 2. `PV` ikapanda kwa mita 0.34, nayo ni asilimia 0.84 ya upeo. Gaini 0.42.

Kwa hiyo hiyo ndiyo gaini ya valvu ikiwa imeshawekwa bombani: asilimia ngapi za upeo wa transmita zinasogea kwa kila asilimia moja ya shina. Upeo unahesabika ndani yake. Mtu akibadilisha transmita isome mpaka 80, gaini zote zinagawanyika kwa mbili na lupu itabadilika tabia ingawa hakuna aliyeigusa valvu. Nimekuta hilo pia, lakini ni hadithi nyingine.

Sasa chukueni karatasi ya selotepu. Usiku kontrola 0.3, valvu 2.7. Zidisha: 0.81. Mchana kontrola 1.8, valvu 0.42. Zidisha: 0.76.

Mnaona? Namba moja. Opereta wale, kwa kujaribu na kukosea, kwa miezi, walikuwa wanatafuta zao moja la kontrola na valvu ambalo lupu inalipenda, na wakalipata kwa sikio karibu sawasawa. Valvu ilikuwa inabadilika mara sita kati ya usiku na mchana, nao wakaigeuza kontrola mara sita kuifuata. Ukisahau jioni, usiku unakuwa na 1.8 mara 2.7, karibu 5. Lazima ipige ngoma. Ukisahau asubuhi, una 0.3 mara 0.42, chini ya 0.13, na kontrola "inalala". Maneno ya yule opereta yalikuwa sahihi neno kwa neno.

Kabla hamjakimbilia kulaumu plagi, kuna tofauti moja muhimu kwenye trendi. Valvu inayonata, yenye pakingi iliyokazwa kupita kiasi, nayo inachezesha lupu. Lakini hiyo `OP` inapanda polepole kama msumeno, huku `PV` ikikaa, halafu inaruka ghafla, inakaa tena. Ukipunguza gaini ya kontrola mchezo hauishi, unachelewa tu. Lupu yenye gaini kubwa mno inayumba kwa mawimbi laini ya mviringo, na ukipunguza gaini inatulia kabisa. Yetu usiku ilikuwa ya mviringo, na 0.3 iliitibu. Hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri wa kuagiza plagi.

Tuliagiza plagi na kiti cha asilimia sawa, Kv ileile ya 63, kwenye mwili uleule wa valvu. Kazi ya nusu siku ya kusimamisha kiwanda: bonneti juu, plagi nje, kiti kipya, gasketi mpya, kisha pozishona ijisawazishe upya.

Fomula ileile, `s` ileile ya 0.1, tazameni kinachotokea. Upinde wa katalogi unaopinda chini unakutana na upinde wa bomba unaopinda juu, na wawili hao wanakaribia kunyooshana. Maji 12 ya usiku sasa shina liko 41 badala ya 10. Maji 36 ya mchana shina liko 85 badala ya 55. Hatua ya asilimia 2 usiku ilitupa mita 0.9, mchana 0.7. Gaini 1.1 na 0.9. Kutoka mara sita tumeshuka tuko karibu sawa.

Nikafanya kosa hapa, nalisema ili msilirudie. Nilikuwa na furaha, nikatiuni usiku uleule kwa maji 12, gaini ya valvu ikiwa 1.1, nikaweka kontrola 0.75 ili nipate ile 0.8 ya karatasi. Usiku ukatulia, mchana ukatulia, nikaenda nyumbani kulala. Saa nane mchana wa kesho yake simu ikaita: "Fundi, inacheza." Laini moja ilikuwa imesimama kwa kubadilisha chupa, maji yalikuwa 24. Sikuwa nimepima katikati. Mkunjo wa asilimia sawa uliofungwa bombani si mstari ulionyooka, una umbo la S, na mahali pake penye mwinuko mkali ni katikati, shina likiwa kama 60. Pale gaini ni karibu 1.6. Mara 0.75 ni 1.2, na lupu ile ilishatuambia kwamba haitaki kuvuka 0.8 sana. Nikashusha kontrola mpaka 0.5. Katikati 0.8, usiku 0.55, mchana 0.45 hivi. Usiku na mchana ni mivivu kidogo kuliko ilivyoweza kuwa, hakuna aliyelalamika. Ukitaka kutiuni valvu ya asilimia sawa kwenye bomba lenye msuguano, nenda kapime katikati kwanza. Kwa ile ya mstari, nenda kapime chini.

Naona mkono. Sema, fundi.

*"Mzee, kwa nini mlinunua plagi? Pozishona za siku hizi unaweza kuweka mkunjo wa asilimia sawa kwenye menyu, ukaacha plagi ya mstari ndani."*

Swali zuri, na meneja naye aliniuliza hilohilo, kwa sababu menyu ni bure. Linafanya kazi nusu. Ukiweka mkunjo kwenye pozishona, kontrola itaona gaini iliyosawazishwa, ni kweli. Ile karatasi ingeweza kubanduliwa. Lakini maji 12 bado yanahitaji uwazi uleule, na kwa plagi ya mstari uwazi huo ni shina kukaa asilimia 10. Pozishona haiwezi kulidanganya bomba. Sasa kila valvu ina ulegevu wake, tuseme shina linakosea nusu asilimia kati ya kupanda na kushuka. Kwenye plagi ya mstari pale chini, nusu asilimia mara 2.7 ni zaidi ya nusu mita ya ujazo kwa saa ambayo hutaweza kuishika. Kwenye plagi ya asilimia sawa, nusu hiyohiyo ni kama mita 0.2. Plagi iliyochongoka inalipa shina nafasi ya kutembea. Menyu inabadilisha namba tu kabla hazijafika kwenye shina. Halafu kuna maji yenye bar 3.7 yanayopita kwenye uwazi mwembamba karibu na kiti usiku kucha, miezi na miezi. Kiti cha zamani tulipokitoa kilikuwa na michirizi unayoisikia kwa ukucha.

Na tahadhari moja kwenye menyu hizo. Tulipofunga plagi mpya, fundi mwenzangu akakuta kwenye pozishona mtu alishajaribu zamani, ameacha mkunjo wa `EQ%` umewashwa. Tungeuacha, tungekuwa na asilimia sawa juu ya asilimia sawa: chini valvu haifunguki kabisa, juu inafunguka kwa kishindo. Ukibadilisha plagi, rudisha menyu kwenye mstari, na uandike kwenye kadi ya valvu ni nani kati ya wawili hao amebeba mkunjo.

Mwingine, pale nyuma.

*"Kwa hiyo ya mstari itupwe?"*

Hapana, hapana. Ile koki ukivua mpira inatii, si ndiyo? Kuna mahali ambapo mpira haupo. Chombo kimoja chenye presha kinamwaga kwenye chombo kingine, presha zote mbili zimeshikiliwa na lupu zao, bomba kati yao ni fupi na pana, valvu inakula karibu presha yote. Hapo `s` inakaribia moja, na valvu bombani inafanana na valvu ya katalogi. Weka ya asilimia sawa hapo kudhibiti usawa wa tangi, gaini yake kwenye ufunguzi wa 30 ni 0.25, kwenye 90 ni 2.6. Mara kumi, na utabandika karatasi yako mwenyewe kwenye paneli. Hapo ya mstari ndiyo yake.

Lakini msitoke hapa na kanuni ya presha peke yake, maana lupu ina vitu vingine vinavyobadilika. Chukueni hita ya maji kwa mvuke, mvuke ukitoka kwenye heda yenye presha thabiti. Kwa hesabu ya presha tu mngesema mstari. Sasa angalia joto. Maji yakipita kidogo, kilo moja ya mvuke inayapasha sana. Maji yakiongezeka mara tatu, kilo ileile ya mvuke inapandisha joto theluthi moja tu. Gaini ya mchakato inashuka kadiri mzigo unavyopanda, na mvuke unaotakiwa unapanda kwa kadiri ileile. Na valvu ya asilimia sawa ina tabia gani? Gaini yake inakua sambamba na mtiririko unaopita ndani yake. Moja inashuka, nyingine inapanda, zao linabaki palepale. Ndiyo maana kwenye lupu za joto mtakuta `EQ%` hata mahali ambapo presha haibadiliki, na fundi anayeing'oa kuweka ya mstari kwa sababu amesoma ukurasa mmoja wa katalogi atapigiwa simu siku mzigo utakaposhuka.

Dada mwenye kofia nyeupe ameuliza kwa ishara kama anaweza kuipata `s` bila kusimamisha kiwanda. Unaweza. Tafuta geji mbili, moja kabla na moja baada ya valvu, na soma kwa mitiririko miwili tofauti mnayoiendesha kila siku. Kwetu usiku zilionyesha tofauti ya karibu bar 3.7, mchana 1.1. Presha iliyopotea kwenye valvu kati ya usomaji mmoja na mwingine imekwenda kwenye bomba, na bomba linakula kwa mraba wa mtiririko: mita 36 kasoro 12, kila moja kwa mraba wake, inakupa bar 2.6. Kutokea hapo unapata bomba litakula ngapi kwa 40, na zilizobaki ni za valvu. Ukikuta geji ya baada ya valvu imekufa, na mara nyingi imekufa, ile hatua ya asilimia 2 kwa mkono mahali patatu, chini, katikati na juu, itakuambia yote unayoyahitaji bila geji yoyote.